Vikumbusho Vimegeuka Msitu: Upalilie, Ufyeke au Ulaze Shamba?

Nililala kwa dada yangu Likoni usiku mmoja. Saa nane za usiku simu yake ikalia. Akanyoosha mkono gizani, akaizima, akaendelea kulala. Asubuhi nikamwuliza ilikuwa ya nini.

"Sijui, kaka. Hulia kila siku saa hiyo. Mimi nazima tu."

Tukaifungua. Kikumbusho kilikuwa na maneno mawili, "Fungua duka", saa 2:00. Alipokiweka alikuwa na maana ya saa mbili asubuhi, kama sote tunavyoisema. Simu ikachukua saa mbili ya kwake, ambayo kwetu ni saa nane ya usiku wa manane. Kwa miezi kadhaa kengele ya kufungua duka ilikuwa inamwamsha usingizini, na duka alikuwa anafungua bila msaada wake.

Tulikaa tukahesabu. Kalenda ilikuwa na vikumbusho 41, orodha ya kazi ilikuwa na 29, na saa ya simu ilikuwa na kengele 17. Jumla 87. Vingi viliingia tangu alipojifungua, mtoto sasa ana miezi 16, na vingine ni vya zamani zaidi. Hakuna hata kimoja kilichowekwa bila sababu. Sababu ndizo zilizokwisha, vikumbusho vikabaki.

Swali likawa tuvipunguze vipi. Njia zinazotumika ni tatu, nami nitaziita kwa lugha ya shambani maana ndivyo zilivyo. Kuna palizi, yaani kupitia kimoja kimoja na kung'oa. Kuna kufyeka, yaani kufuta vyote na kupanda upya. Na kuna kulaza shamba, yaani kunyamazisha vyote bila kufuta, kisha kuangalia kwa mwezi mmoja ni vipi unavihitaji kweli.

## Tutazipima kwa nini

Watu wengi huchagua njia kwa kuangalia muda tu. Muda ni kipimo, lakini si kikubwa. Nitazipima kwa mambo manne: muda unaokula, hatari ya kupoteza kitu cha maana, kama unaweza kurudi nyuma ukikosea, na kama msitu utaota tena baada ya miezi michache.

Hatari ndiyo inayohitaji maelezo. Hospitali zilikutana na tatizo hili kabla ya simu zetu. Aprili 2013 taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali ilitoa onyo kuhusu kengele za mashine za wagonjwa, ikakadiria kuwa asilimia 85 hadi 99 ya kengele hizo hazihitaji muuguzi afanye lolote. Matokeo yake ni kwamba masikio huzizoea zote, pamoja na zile chache za kweli. Dada yangu aliyezima kengele gizani bila kusoma alikuwa amefika hapo hapo.

Ila kikumbusho cha simu kina tabia moja ya ziada. Vile vinavyolia sana kwa kawaida ni vya mambo madogo: kunywa maji, kuangalia hesabu ya jioni, kumpigia fulani. Vile vinavyolia mara moja kwa mwaka ndivyo vya mambo mazito: leseni ya biashara, pasipoti, ritani ya kodi. Ukipoteza kinacholia kila siku, utajua kesho. Ukipoteza kinacholia kila Juni, utajua Julai, na Kenya kuchelewesha ritani ya mtu binafsi baada ya Juni 30 ni faini inayoanzia shilingi 2,000. Basi kabla ya kuuliza njia ipi ni ya haraka, uliza kila kikumbusho kina mzunguko gani.

## Kazi moja kabla ya zote tatu

Njia yoyote utakayochagua, vitoe kwanza vile vya nadra. Chukua karatasi, na usianze na simu. Anza na kabrasha la nyaraka za nyumbani: pasipoti, leseni ya udereva, bima, kibali cha kaunti, kijitabu cha kliniki cha mtoto, mkataba wa nyumba. Andika tarehe ya mwisho ya kila moja. Kisha ndipo ufungue simu uone kama tarehe hiyo ina kikumbusho.

Ukianza na simu utaona vilivyomo tu. Ukianza na kabrasha utaona pia visivyokuwamo. Kwa dada yangu, katikati ya vikumbusho 87, pasipoti haikuwa na hata kimoja, nayo ilikuwa imebakiza miezi saba. Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye angalau miezi sita mbele, kwa hiyo kwa safari ilikuwa karibu kuwa karatasi tu.

Pili, weka nakala. Kwenye Google Calendar, kwa kompyuta, ingia `Settings`, kisha `Import & export`, kisha `Export`. Utapata faili la zip lenye kalenda zako katika umbo la `.ics`. Kengele za saa ya simu hazina njia nyepesi kama hiyo, kwa hiyo zipige picha ya skrini. Kazi yote ni dakika kumi.

## Njia ya kwanza: palizi

Unafungua kikumbusho, unakisoma, unakiamulia, unakwenda kinachofuata.

Muda. Kwa hesabu ya karatasi, vikumbusho 87 kwa dakika moja kila kimoja ni saa moja na nusu. Kwa kweli sisi kalenda peke yake yenye 41 ilituchukua jioni mbili, kwa sababu kila kimoja kina hadithi. "Huyu alilipa? Ngoja nitafute ujumbe wake." Na kuna uchovu. Baada ya thelathini hivi za mwanzo, mkono unaanza kusema "kiache" kwa kila kitu, maana kuacha hakuhitaji kufikiri. Ukiona umeacha vitano mfululizo bila kubishana, funga simu, endelea kesho.

Kinachosaidia ni kuuliza maswali yale yale kila mara. Kilipolia mara ya mwisho, nilifanya nini? Kisipolia tena, kitaharibika nini na lini? Kuna kitu kingine kinachonikumbusha jambo hilo hilo? Swali la mwisho hung'oa vingi kuliko unavyodhani. Mwenye nyumba wa dada yangu hutuma ujumbe kila tarehe 3 bila kukosa. Kikumbusho cha kumlipa mwenye nyumba aliye na kumbukumbu ya tembo hakina kazi.

Hatari. Hii ndiyo njia salama kuliko zote, kwa sababu macho yako yanapita juu ya kila kimoja. Tena huona makosa ambayo njia nyingine haziwezi kuyaona. Ile saa nane ya usiku ni mfano. Mwingine ni kikumbusho kilichoandikwa "Kodi" kwa neno moja, tarehe 5 ya kila mwezi. Kodi gani? Ya nyumba au ya serikali? Tulipochimba tukakuta ni ya nyumba, ilhali yeye kwa muda alikuwa akikiona na kujiambia kodi ya KRA iko ndani. Haikuwamo. Kodi ya mauzo ya duka lake, ile ya TOT, inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na alikuwa akiikumbuka kwa bahati. Kwa Kiswahili chetu neno hilo moja linabeba mizigo miwili, kwa hiyo liandike kamili: "Lipa kodi ya nyumba", "Peleka TOT ya mwezi uliopita".

Kurudi nyuma. Rahisi, kwa sababu unafuta kidogo kidogo na unajua ulichofuta. Angalia tu jambo moja kwenye kalenda. Ukifuta kitu kinachojirudia, Google Calendar itakuuliza kama ni `This event`, `This and following events` au `All events`. Chaguo la tatu hufuta na yaliyopita pia. Kama ulikuwa ukiandika humo namba za malipo au maelezo ya ziara za kliniki, historia hiyo inaondoka nayo. Cha kati ndicho unachotaka mara nyingi: mbele kunakatwa, nyuma kunabaki.

Kuota tena. Polepole. Aliyepalilia kwa mkono anajua magugu yake yanatoka wapi. Dada yangu aligundua kwamba kila jambo la mtoto alikuwa akiliandika mara mbili, kwenye kalenda na kwenye orodha ya kazi, kwa woga wa kusahau. Nakala za namna hiyo zilikuwa 22 katika zile 87. Woga huo usipoupalilia wenyewe, utaota.

Inamfaa nani. Mwenye vikumbusho vingi vya tarehe: mwenye biashara, mzazi wa mtoto mdogo, anayewasimamia wazee wenye dawa na kliniki. Haimfai mwenye vikumbusho mia mbili na jioni moja.

## Njia ya pili: kufyeka

Unafuta vyote, kisha unakaa na karatasi tupu na kuandika upya vile tu unavyovikumbuka kuwa vinahitajika.

Muda. Dakika chache za kufuta, nusu saa ya kuandika upya. Hakuna njia ya haraka kuliko hii, na siwezi kukataa kwamba ina raha yake. Kengele 17 za saa ya simu tulizifyeka kwa dakika mbili, tukaweka tatu: kuamka, kumchukua mtoto, kufunga hesabu ya duka. Safari hii "saa mbili" iliandikwa 8:00.

Hatari. Hapa ndipo pa kuwa macho. Kufyeka kunategemea kumbukumbu yako, nawe uliweka vikumbusho kwa sababu huiamini kumbukumbu hiyo. Vitakavyorudi kwenye karatasi ni vya jana na leo. Vya miezi minane mbele haviji kichwani.

Chukua mtoto. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zilipita zamani, na vikumbusho vyake vilikuwa vimebaki kama makuti makavu. Kuvifyeka ni halali. Lakini katika kundi lile lile kulikuwa na chanjo ya pili ya surua na rubela, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 18, na matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi 6 hadi karibu miaka mitano. Vyote vilikuwa na jina linaloanza na "Kliniki". Angefyeka kwa jina, angefyeka na miezi miwili ijayo.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni hii: fyeka mahali ambapo mzunguko ni mfupi. Kengele ya kila siku ukiifuta kwa makosa, kesho maisha yenyewe yatakuambia. Kilicho na mzunguko wa mwezi kinavumilika kama una karatasi ya kabrasha mkononi. Kilicho na mzunguko wa mwaka usikifyeke kamwe bila kukisoma.

Kurudi nyuma. Inategemea umefyeka wapi. Google Calendar huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa muda wa siku 30 hivi. Google Keep hukaa navyo siku 7 tu. Saa ya simu kwa kawaida haina pipa lolote, ndiyo maana ya zile picha za skrini.

Na kuna mtego wa familia. Kama ulimwalika mtu mwingine kwenye tukio la kalenda na wewe ndiye mwenyeji, ukilifuta linaweza kuondoka na kwake pia. Shemeji yangu alikuwa anapata siku za kliniki kwa mwaliko wa dada. Angefyeka kalenda nzima, baba mtoto naye angebaki gizani, bila kujua kwa nini.

Kuota tena. Kwa kasi. Ardhi iliyofyekwa bila kung'olewa mizizi huota mwezi huo huo. Kinachochelewesha ni kukipa kila kikumbusho siku ya kufa siku ile ile kinapozaliwa. Unapoweka kitu kijirudie kwenye kalenda, kuna sehemu ya `Ends`, nawe unaweza kuchagua tarehe au idadi ya mara. Mteja aliyekopa madaftari na kuahidi kulipa kwa wiki nne apewe kikumbusho cha mara nne, kisha kife. Dada yangu alikuwa na cha mteja aliyemaliza deni zamani, na kila Ijumaa alikuwa akikumbushwa kumdai mtu asiyedaiwa. Siku moja nusura ampigie.

Inamfaa nani. Mwenye vikumbusho vingi vya mazoea na vichache vya tarehe, kwa mfano mwanafunzi aliyemaliza muhula, au mtu aliyebadilisha kazi na karibu kila kilichomo ni cha ofisi aliyoiacha. Pia yule ambaye msitu umemzidi hata akaacha kuifungua kalenda. Kwake vikumbusho vyote vimeshakufa kwa vitendo, na kuvifuta ni kuandika tu kilichokwisha kutokea.

## Njia ya tatu: kulaza shamba

Hufuti kitu. Unazima sauti na arifa za vyote, unaacha vichache vya lazima, kisha unaishi mwezi mmoja. Ambacho umekihitaji unakirudishia sauti. Ambacho mwezi umepita hukukikumbuka wala hakikukudhuru, unakiondoa.

Kwa vitendo ni hivi. Arifa za programu ya kalenda au ya orodha ya kazi zizime kwenye mipangilio ya simu. Kengele za saa zizime kwa swichi zake bila kuzifuta. Vile vya lazima viandike kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni au jikoni. Kila Jumapili fungua kalenda, pitia wiki iliyopita, na weka alama kwenye vile ambavyo vingekusaidia kama vingelia. Alama hizo ndizo ushahidi wako mwisho wa mwezi.

Muda. Dakika kumi za kuanza, dakika kumi kila Jumapili, na siku 30 za kungoja. Ni nyepesi kwa siku na ndefu kwa jumla. Wengi huiacha Jumapili ya pili, na hapo inageuka kuwa kitu kibaya zaidi ya msitu: vikumbusho vilivyozimwa ambavyo mwenyewe amesahau kwamba amevizima.

Hatari. Njia hii inaonekana ya upole, na kwa mambo mengi ni ya upole kweli. Lakini ina mashimo mawili.

La kwanza ni mzunguko. Mwezi mmoja hauwezi kukipima kikumbusho cha miezi mitatu au cha mwaka. Kikikaa kimya siku 30 hakijathibitisha kwamba hakina kazi, siku yake tu haijafika. Mfano mzuri ni ule wa bima ya afya. Dada yangu alikuwa na kikumbusho cha "NHIF" kila tarehe 9 ya mwezi. NHIF yenyewe ilishaondoka na SHA ikachukua nafasi yake tangu Oktoba 2024, na asiye na mshahara kama yeye huchangia SHA kwa mwaka mzima badala ya kila mwezi. Angelaza shamba, kile cha NHIF kingejionyesha kuwa mfu, na ni kweli. Akifute aone amemaliza. Lakini jambo lenyewe halikufa, lilihama tu kutoka kelele ya kila mwezi hadi kimya cha mwaka, na kikumbusho cha mwaka hakikuwahi kuwekwa. Kulaza shamba hakuonyeshi kitu kama hicho. Palizi huonyesha.

La pili ni mambo yasiyouma unapoyakosa. Njia hii inasema "usichokikumbuka huna haja nacho". Dawa za shinikizo la damu zinaibishia kanuni hiyo, kwa sababu shinikizo mara nyingi halina dalili. Mtu anaweza kukosa vidonge wiki mbili na kujisikia vizuri kabisa, akaandika Jumapili kwamba kikumbusho kile hakikuhitajika. Hali ni ile ile kwa dawa za kifua kikuu mgonjwa akishapata nafuu, na kwa ARV. Vikumbusho vya dawa visilazwe hata siku moja. Vinabaki na sauti yao, na kama vimekuwa kelele, badilisha saa au mlio.

Kurudi nyuma. Bora kuliko zote. Hakuna kilichofutwa, unabonyeza swichi na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Kuota tena. Wastani. Faida yake ni kwamba mwezi wa kimya unakufundisha kitu kuhusu wewe mwenyewe. Dada yangu alilaza orodha ya kazi yenye 29, iliyokuwa imejaa mazoea: maji glasi nane, kusoma kurasa kumi, kunyoosha mgongo, kumpigia shangazi Jumatano. Ukiacha hicho cha shangazi, kumi na tano kati ya vile 87 vilikuwa vya namna hii, na karibu vyote vilikuwa ama anavifanya bila kuambiwa ama hakuwahi kuvifanya hata akiambiwa. Kilichorudi ni cha shangazi peke yake. Tena yeye ndiye aliyelalamika, wiki ya pili, kwamba hapigiwi simu.

Inamfaa nani. Mwenye mashaka, anayeshika kila kikumbusho na kusema "labda nitakihitaji". Pia mwenye mazoea mengi na matukio machache. Haimfai anayejijua kuwa Jumapili hatafungua kalenda.

## Kwa hali yako wewe

Mwishoni dada yangu hakuchagua moja. Saa ya simu tuliifyeka, kalenda tuliipalilia, orodha ya kazi tuliilaza. Katika 87, vilivyokwishakufa vilikuwa 31, nakala 22 na mazoea 15. Vilivyobaki ni 19: kumi na moja vya mara kwa mara, akiwamo shangazi, na vinane vya nadra ambavyo sasa vimeandikwa pia kwenye karatasi iliyo ndani ya kabrasha. Mgawanyo huo ulifuata mzunguko wa kila mahali, na kwako unaweza kuangukia kwingine.

Kama vikumbusho vyako havifiki ishirini, huna msitu. Uwezekano mkubwa tatizo ni arifa za programu nyingine, za maduka na michezo, zinazojifanya vikumbusho. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina `Notification history` inayoonyesha arifa za saa 24 zilizopita. Iwashe leo, isome kesho jioni, utaona nani anayepiga kelele.

Kama wewe ni mfanyabiashara mwenye tarehe za kodi na leseni, palilia, na ufanye hivyo nje ya wiki za presha. Nchini Kenya tarehe 9 ni ya PAYE na tarehe 20 ni ya VAT na TOT. Baada ya tarehe 20 una wiki moja na zaidi ya utulivu, kwa hiyo fanya wakati huo, ukiwa na risiti mkononi.

Kama umebadilisha kazi, umehitimu au umehama mji, fyeka vya maisha ya zamani bila huruma, lakini tafuta kwanza ndani yake kitu ambacho ofisi ya zamani ilikuwa ikikufanyia na sasa ni chako, kama vile michango ya uzeeni na bima. Hivyo havikuwahi kuwa na kikumbusho kwa sababu mhasibu alikuwa ndiye kikumbusho.

Kama unashindwa kuamua hata kimoja, laza shamba, ila mkabidhi mtu wa nyumbani kazi ya kukuuliza Jumapili kama umefungua kalenda.

Kama kalenda ni ya watu wawili, msifanye mmoja akiwa kazini. Kaeni pamoja, na kwa kila kinachobaki mkubaliane ni cha nani. Kikumbusho kinacholia kwenye simu mbili kwa wakati mmoja, kila mmoja hukizima akidhani mwenzake ameshughulikia. Dada na shemeji walikuwa nacho kimoja cha namna hiyo, cha kununua gesi, na mtungi uliisha wali ukiwa jikoni.